Presha kuka ya umeme au ya kuweka kwenye gesi? Nimepikia zote mbili miezi mitatu

Nunua ya umeme, isipokuwa kama mtaa wenu umeme unakatika mara kwa mara. Nimefikia hapo baada ya kuzipikia familia ya watu sita hapa Dodoma, zote mbili za lita 6. Ya gesi niliinunua 65,000, ya umeme 180,000.

Nilizipima kwa maharage, maana ndiyo yanayotumalizia nishati. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Ndiyo maana maharage kwenye sufuria la kawaida hukaa saa mbili na bado mengine yanagoma. Ndani ya presha mvuke unabanwa, joto linapita nyuzi 110, na punje inalainika hadi ndani.

Nusu kilo ya maharage makavu, bila kuyaloweka: ya gesi ilimaliza dakika 45, ya umeme saa nzima na zaidi kidogo, maana presha yake ni ndogo na huchelewa kupanda. Kwa mwendo, ya gesi imeshinda.

Kwenye gharama mambo yakageuka. Ya umeme ilikula yuniti 0.4 ya Luku. Kwa bei ninayolipa, kama shilingi 356 kwa yuniti, ni shilingi 142. Kwa ya gesi nilipima mtungi kabla na baada: gramu 90. Mtungi wa kilo 6 niliujaza kwa 24,000, kwa hiyo ni shilingi 360. Tofauti ni 218 kila mpiko. Sisi tunapika maharage, makande au nyama ngumu karibu kila siku, kwa hiyo ile 115,000 niliyoongeza itarudi ndani ya mwaka na nusu hivi.

Lakini kilichoniamulia hasa si hela. Ya gesi lazima uisimamie: ikianza kupiga mluzi unapunguza moto, unahesabu dakika, unazima mwenyewe. Siku moja nilitoka kumpokea mtoto getini, nikarudi maji yamekauka na makande yameungua chini. Ya umeme inajizima. Naiwasha alfajiri, naoga, navalisha watoto, nakuta chakula tayari.

Kasoro yake: umeme ukikatika katikati, unabaki na maharage nusu mbichi. Kama kwenu hilo ni la kila wiki, au hiyo 180,000 itakubana, chukua ya gesi bila kujuta. Inapika vizuri, ila usiiache peke yake.

Kwa yoyote utakayochukua, maharage na maji yake yasipite nusu ya sufuria, kwani povu huziba tundu la mvuke. Na kabla hujalipa, muulize muuzaji kama ana mpira wa mfuniko wa akiba. Ukichoka huo, presha haijengeki tena.