Mpwa wangu, nifupishie haya maelezo

Mpwa wangu, hujambo? Huku Newala sote wazima. Mama yako kapona mafua, juzi kaingia shamba mwenyewe kupalilia chini ya mikorosho.

Nina shida kwako. Maelezo ya mkutano wa chama chetu cha msingi, yale niliyoyaandika kwenye daftari, binti wa jirani kanichapia kwenye simu. Ni hayo hapo chini. Naona yamekuwa marefu mno. Naomba unifupishie, yawe mafupi mazuri, ya maana yabaki na yasiyo na maana yatoke. Wewe ndiye msomi wetu, utajua la kufanya. Ila maneno ya watu usiyapindishe. Nayahitaji kesho kabla ya adhuhuri, yana mahali pa kwenda.

MAELEZO YA MKUTANO

Mkutano ulifanyika Jumamosi chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Ulichelewa kuanza kwa sababu ya manyunyu. Mwenyekiti alifungua kwa dua, kumbukumbu zilizopita zikasomwa. Mzee mmoja alisema jina lake limekosewa, likasahihishwa.

Kuhusu salfa. Hapa ndipo muda mwingi ulipokwisha. Bwana shamba alieleza kwamba ubwiri unga haungoji mtu, maua yakishaungua hakuna korosho, na kwamba salfa ya unga ipulizwe alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka. Kipimo ni robo kilo kwa mkorosho mkubwa, kisha kurudia kila baada ya wiki mbili. Mama mmoja wa mtaa wa chini akasimama akapiga hesabu mbele ya watu: mfuko wa kilo 25 unatosha mikorosho 100 kwa mzunguko mmoja, yeye ana mikorosho 300, msimu uliopita alipewa mifuko sita ya ruzuku, kwa hiyo alipuliza mara mbili tu, salfa ikaisha wakati maua ndiyo kwanza yanachanua. Akauliza, "Na yule mwenye mikorosho 40 aliyepata mifuko kumi, anapuliza na minazi?" Watu walicheka lakini jibu halikutoka. Karani alisema mgao unafuata idadi iliyomo kwenye daftari la wakulima, na wapo waliojiandikisha mikorosho iliyokwisha kukatwa mkaa. Ikaamuliwa kamati ya watu watano ipite shamba kwa shamba kuhesabu mikorosho iliyo hai kabla mgao haujaanza. Ndugu wa karani asiwemo. Mimi ndiye niliyesema hilo la ndugu.

Kuhusu mzigo uliorudi. Msimu uliopita lori letu lilikataliwa ghalani kwa unyevu, magunia yakarudi kijijini yakaanikwa upya kwenye maturubai siku tatu. Nauli ya kwenda na kurudi ikakatwa kwa wakulima wote, hata wale ambao korosho zao zilikuwa kavu. Ubishi ulikuwa mkali. Wengine walitaka alipe aliyepokea mzigo mbichi kwenye mizani, wengine wakasema mvua ya vuli haina mwenyewe. Halikuamuliwa. Wakati huohuo mbuzi wa jirani alikula karatasi mbili za mahudhurio.

Kuhusu kangomba. Mtendaji alionya kwamba anayenunua korosho kwa bakuli nje ya stakabadhi ghalani anavunja sheria, na anayeuza naye yumo. Kijana mmoja akajibu kwamba mwezi wa pili hakuna unga ndani na mtoto anatakiwa shule, mwenye bakuli ndiye anayekuja na pesa mkononi, na ukishakula pesa yake korosho zako zimeshakuwa zake zikiwa bado maua. Akataka chama kianzishe mfuko wa kukopeshana wakati wa njaa. Wengi walipiga makofi. Mhasibu alisema fedha hakuna.

Mengineyo. Mizani ikaguliwe na wakala wa vipimo kabla ya msimu. Bati mbili za ofisi zinavuja. Makato yote yaandikwe ubaoni kwa herufi kubwa, kila shilingi na inakokwenda, kabla malipo ya mnada hayajaingia kwenye akaunti za watu. Hili lilipita bila mpinzani.

Mkutano ulifungwa saa kumi na moja na nusu. Soda ziliwafikia waliokaa mbele tu.

Ndiyo hayo, mpwa wangu. La soda na la mbuzi utaangalia mwenyewe. Ukimaliza usipige, andika tu, maana asubuhi nitakuwa shambani na kule mtandao hakuna mpaka nipande kichuguu.