Maombi ya Ruzuku ya Kukarabati Ukumbi wa Jamii, Pangani Mjini

Bodi ya Wadhamini na Kamati ya Ukumbi wa Jamii,
Pangani Mjini,
Mkoa wa Tanga.

14 Januari 2026

Mratibu wa Ruzuku za Urithi wa Utamaduni,
Dar es Salaam.

Ndugu Mratibu,

YAH: MAOMBI YA RUZUKU YA SHILINGI 32,144,000 KWA UKARABATI WA UKUMBI WA JAMII

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaomba mtusaidie kuokoa ukumbi wa jamii wa Pangani Mjini, ambao umefungwa kwa sababu za usalama tangu Aprili 2025. Gharama yote ni shilingi 40,944,000. Wananchi wamekwishachangia fedha taslimu shilingi 6,400,000, ambazo ziko benki, na wameahidi nguvu kazi ya siku 160, sawa na shilingi 2,400,000. Tunachoomba kwenu ni kiasi kilichobaki.

Ukumbi ulijengwa 1938 kwa michango ya wakazi, na mwaka huo umechorwa kwenye lipu juu ya mlango mkuu. Mmiliki ni jamii yenyewe kupitia Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Jengo halijawahi kuwekwa rehani na halina mgogoro wa ardhi. Kabla halijafungwa lilikuwa likitumika kwa harusi, maulidi, mikutano ya mtaa, mazoezi ya taarabu na kliniki ya kupima uzito wa watoto. Sasa kliniki inafanyika chini ya mwembe, na mvua ikinyesha akina mama hurudi nyumbani bila watoto kupimwa.

Ndani ukumbi una urefu wa mita 18 na upana wa mita 8.4. Kuta zina unene wa sentimita 50, ni za mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa na mchanga. Boriti za mikoko, zilizozoeleka katika nyumba za pwani, haziwezi kuvuka zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo wajenzi walitumia kenchi tisa za mvule. Ndizo zilizouwezesha ukumbi usiwe na nguzo katikati, na ndizo zinazotutia wasiwasi zaidi leo.

Mabati ya sasa yaliwekwa 1987 kwa misumari ya kawaida. Upepo wa chumvi umekula bati kuzunguka kila msumari, hata matundu mengine yanapitisha kidole. Maji yanayoingia hapo huteremka kwenye mapao na kutuama juu ya kuta, hasa ule wa upande wa bahari, kwenye mbao inayolaliwa na kenchi. Kati ya mita 38 za mbao hiyo kwenye kuta zote mbili, mita 23 zimeoza. Bisibisi inazama mpaka kwenye mpini bila kulazimishwa. Kenchi nne zimeoza ncha zake zilizokalia mbao hiyo.

Ncha ya kenchi ikioza, mbao yake ya chini haishiki tena miguu miwili ya mapao, na mapao huanza kuusukuma ukuta nje. Ufa wa kona ya kaskazini-mashariki unaonyesha jambo hilo waziwazi. Juu una upana wa milimita 14, chini milimita 3. Mwezi Mei tuligandisha vipande vitano vya kioo juu ya ufa huo kwa plasta. Kufikia Desemba viwili vya juu vilikuwa vimepasuka, vitatu vya chini ni vizima. Ukuta bado unatembea, na unatembea kutokea juu.

Tatizo la pili liko chini, na lilianza kwa nia njema. Miaka ya 1990 kuta zilipigwa lipu ya saruji kuanzia chini hadi mita moja na nusu, nje na ndani, ili kuzuia unyevu. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya ardhini na kuyatoa kupitia lipu ya chokaa. Saruji iliziba njia hiyo. Maji yakapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, yakabeba chumvi, na sasa juu tu ya mpaka wa saruji kuna ukanda mweupe unaomenyeka kama unga. Tulipobandua kipande cha majaribio cha mita moja ya mraba, chokaa nyuma yake ilikuwa mbichi na laini, ikichotwa kwa kijiko, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu. Mafundi wawili walioleta makadirio walipendekeza kupiga saruji mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Tulikataa. Ingependeza kwa misimu miwili, kisha maji yangepanda tena juu zaidi ya hapo yalipo.

Kazi tunayokusudia ni hii.

Paa litafunguliwa nusu kwa nusu, kila nusu ikifunikwa kwa turubai. Ncha zilizooza za kenchi nne zitakatwa mpaka kwenye mbao nzima, kisha zitaungwa kwa mvule mkavu kwa kiungo cha mshazari kilichofungwa kwa bolti za milimita 12. Hatutabadilisha kenchi nzima; mvule wa 1938 uliobaki ni bora kuliko mbao nyingi zinazouzwa leo. Mita 23 za mbao ya juu ya ukuta zitawekwa mpya, na kila kenchi itafungwa ukutani kwa bamba la chuma lililochovywa zinki. Papi zote zitakuwa mpya: vipande 110 vya inchi 2 kwa 3, futi 12, vya msonobari uliotiwa dawa ya mchwa.

Mabati yatakuwa 54, ya geji 28, yenye mchovyo wa alumini na zinki, kila moja likikatwa mita 6.2 ili lifike kutoka kofia hadi ukingo bila kiungo katikati. Viungo vya mabati ya sasa ndivyo vilivyooza kwanza. Yatafungwa kwa skrubu zenye mipira, zikipigwa juu ya tuta la bati. Ndani ya bonde ndimo maji yanamopita. Yatawekwa magata mita 41, mabomba manne ya kushushia maji, na tangi la lita 5,000. Hivi sasa hakuna gata hata moja. Maji ya paa lenye eneo la mita za mraba 247 huanguka moja kwa moja kwenye mguu wa ukuta.

Saruji itabanduliwa kwa nyundo na patasi, mita za mraba 140 kwa jumla. Mashine ya kutikisa hairuhusiwi, kwa kuwa itang'oa mawe pamoja na lipu. Kuta zitaachwa wazi kwa wiki nane zikauke, chumvi ikisuguliwa kwa brashi kavu kila wiki. Zikimwagiwa maji, chumvi itarudi ndani. Ufa utashonwa kwa mawe marefu ya kufungia kila baada ya sentimita 60, baada ya kenchi kukazwa. Ukishonwa kabla, utafunguka tena.

Lipu mpya ni chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga wa mto uliochekechwa, kamwe si wa pwani. Itapigwa tabaka tatu, hakuna inayozidi milimita 10, na kila tabaka litafunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku tano. Chokaa ikikauka haraka kwa jua na upepo haigandi, inabaki vumbi. Hapo ndipo kazi nyingi za chokaa zinapoharibika, kisha lawama ikaiangukia chokaa. Chokaa na mawe ya kushonea vitatokana na matumbawe ya kale ya nchi kavu na mabaki ya ukuta wetu wa stoo ulioanguka. Hatutatoa jiwe lolote baharini.

Mlango mkuu umenakshiwa. Kwa kuwa ni wa kabla ya 1940, unalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na hatutaugusa bila kibali cha maandishi cha Idara ya Mambo ya Kale. Sentimita 11 za chini za miimo zimeoza, nazo zitaungwa kwa mvule. Nakshi yenyewe ni nzima. Madirisha ni manane, matatu yanahitaji mbao mpya za chini.

Mchanganuo wa gharama kwa shilingi:

Mabati, kofia, papi, mvule, skrubu na bolti: 11,969,000
Magata, mabomba na tangi: 3,078,000
Chokaa tani 1.5, mchanga mita za ujazo 7, magunia na mapipa: 2,000,000
Mlango na madirisha: 2,350,000
Waashi 3 kwa siku 55 na maseremala 2 kwa siku 40, kwa 35,000 kila siku: 8,575,000
Vibarua, siku 360 kwa 15,000: 5,400,000
Majukwaa ya kazi, usafiri na vifaa vya usalama: 2,100,000
Mhandisi, ziara 5: 1,750,000
Dharura, asilimia 10: 3,722,000
Jumla: 40,944,000

Siku 160 kati ya 360 za vibarua ni za kujitolea. Fungu la dharura tumeliweka kwa makusudi: kenchi tano tulizoziona nzima tumezikagua kwa chini tu, na hatutazijua vizuri mpaka bati liondoke. Lisipotumika litarudishwa kwenu.

Tunapendekeza fedha zije kwa awamu tatu: 12,857,600 mkataba ukisainiwa, 12,857,600 paa likikamilika na mhandisi akilithibitisha, na 6,428,800 baada ya ukaguzi wa mwisho. Akaunti ina watia saini watatu, na hakuna malipo bila wawili kati yao. Stakabadhi na picha za kila hatua mtazipata kila mwezi, na hesabu zitabandikwa kwenye ubao wa mtaa.

Baada ya ufunguzi, ukodishaji utakuwa shilingi 60,000 kwa harusi na 25,000 kwa mkutano, kliniki haitalipa. Asilimia 30 ya mapato itaingia kwenye akaunti ya matengenezo. Magata yatasafishwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kuta zitapakwa chokaa kila mwaka, na kamati imekwishapitisha kwa muhtasari kwamba saruji haitatumika tena kwenye ukuta wowote.

Jambo la mwisho ni la muda, nasi tunaliomba kwa uzito. Chokaa lazima izimwe na kulala shimoni ikiwa uji mzito, ikifunikwa na maji, kwa miezi mitatu kamili. Punje ambazo hazijazimika vizuri zitazimikia ukutani na kuipasua lipu. Tukiizima kabla ya 10 Machi, italala masika yote. Kazi ya paa na kubandua saruji itaanza 8 Juni, lipu itapigwa Agosti na Septemba, na Oktoba tutakuwa tunapaka chokaa ya mwisho kabla vuli haijakolea. Awamu ya kwanza ikichelewa kupita Machi, kazi ya lipu itaingia kwenye vuli, nasi tutalazimika kusubiri hadi Juni 2027, ukuta wa kaskazini-mashariki ukipita misimu mingine miwili ya mvua ukisukumwa.

Tumeambatisha michoro ya vipimo, picha 32, taarifa ya mhandisi, makadirio matatu ya bei ya mabati, nakala ya cheti cha usajili wa wadhamini, hati ya kiwanja na taarifa ya benki. Jengo liko wazi kwa ukaguzi wenu siku yoyote. Tafadhali mje na viatu vigumu, na tutawaletea kofia za kazi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwenyekiti wa Bodi ya Wadhamini
Katibu wa Kamati ya Ukumbi
Mweka Hazina