Mhandisi mitambo: pampu na mabomba ya maji, Mtwara

Kazi yangu ni kupandisha maji mlimani. Kwenye uwanda wa Makonde vyanzo vingi viko bondeni na watu wanaishi juu, hivyo pampu ikilala siku moja, ndoo hupangwa foleni siku hiyohiyo. Nimeifanya kazi hii tangu 2014, baada ya shahada ya uhandisi mitambo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nimesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama Mhandisi Mtaalamu tangu 2018.

Kwa sasa ni mhandisi wa matengenezo kwa mkandarasi anayehudumia vituo 4 vya kusukuma maji kati ya Newala na Tandahimba. Nina mafundi 7 na waendesha pampu 12 chini yangu. Kituo kikubwa husukuma mita za ujazo 90 kwa saa hadi kimo cha mita 250, kwa mota ya kilowati 110. Nilipokipokea kilikuwa kinakula yuniti 1.4 za umeme kwa kila mita ya ujazo. Tulibadilisha impela zilizolika, tukanyoosha upya shafti ya pampu na ya mota, tukaifungua valvu ambayo kwa muda mrefu ilikuwa imefunguliwa nusu tu. Ikashuka hadi yuniti 1.1. Kwa saa 16 za kusukuma, hiyo ni zaidi ya yuniti 400 kila siku.

Kosa langu kubwa nalitaja kwa sababu ndilo lililonifundisha zaidi. Mwaka 2017 niliruhusu bomba jipya lianze kazi kabla sijakagua valvu ya kuzuia maji kurudi. Umeme ulikatika, maji yakarudi kwa kishindo, bomba likapasuka sehemu ya chini kabisa ya bonde, na vijiji vitatu vikakaa siku 5 bila maji. Tangu hapo siruhusu mtambo mpya uanze kazi kabla ya kujaribu kukatika kwa umeme, nikiwa mwenyewe kituoni na geji ya presha mbele ya macho.

Michoro nachora kwa AutoCAD, na mahesabu ya mtandao wa mabomba nafanya kwa EPANET. Kila kituo nimekiachia daftari la presha, ampea na saa za kazi, linalojazwa na mwendesha pampu mwenyewe. Nazungumza Kimakonde, na daftari hilo lisingejazwa vizuri bila lugha hiyo.

Mkataba wangu unaisha 30 Juni. Natafuta mwajiri mwenye mradi ambao bado uko kwenye michoro, kwa kuwa mengi niliyoyatengeneza miaka hii yalikosewa huko: pampu kubwa kuliko kisima, bomba jembamba kuliko pampu. Napendelea kubaki Mtwara au Lindi. Naweza kuanza 15 Julai, na kulala kituoni wakati wa majaribio si tatizo kwangu.