Dodoso la wauza ndizi, Soko la Mbuyuni, Moshi

Mama Mwenyekiti, shikamoo.

Uliomba "dodoso la wafanyabiashara, maswali kama thelathini, Ijumaa liwe tayari." Hukusema kikundi kinataka kujua nini, wala wafanyabiashara wepi, na simu yako haikupatikana. Ikabidi nichague. Nimeshika ule ubishi wa kikao kilichopita: hela iliyopo tukodi stoo ya pamoja, au tukodi gari letu la kushusha ndizi kutoka mlimani? Kwa hiyo dodoso linatafuta jambo moja tu, ndizi zinaharibikia wapi. Hasara ya njiani, yaani swali la 5, ikizidi ya hapa sokoni, swali la 8, gari lina hoja. Ikiwa kinyume, stoo.

Wa kuulizwa ni wauza ndizi wa Mbuyuni wenye mali yao wenyewe, wanachama na wasio wanachama. Maswali ni kumi na moja. Thelathini mtu hamalizi huku wateja wanamsubiri. Kama ulimaanisha wa mitumba wa Kiborloni, niambie kabla hatujatoa kopi, maana karibu yote yatabadilika.

Maneno ya kuanzia (msome kama yalivyo)

Habari za biashara. Tunatoka kikundi cha wauza ndizi hapa sokoni. Tunataka kujua ndizi zinaharibikia njiani au hapa hapa, ili tuamue tukodi gari au stoo. Ni kama dakika kumi. Jina lako hatuandiki, na majibu hayaendi kwa watu wa ushuru. Ukiona swali hulitaki, liruke. Tuendelee?

Kwanza: Hizi ndizi ni mali yako, au unamuuzia mtu? *(Kama anamuuzia mtu, mshukuru, uulize mwenye mali anapatikana saa ngapi.)*

Mzigo wako wa mwisho uliokwisha kuuzwa

1. Ulikuwa wa ndizi gani? *Mshare / kisukari / mzuzu / nyingine. Weka alama kwa zote atakazotaja.*

2. Ilikuwa mikungu mingapi? *Akihesabu kwa chane, andika chane. Usimpigie hesabu.*

3. Ulitoka wapi? *Kibosho / Uru / Machame / Marangu / Rombo / kwingine, ataje.*

4. Ulifikaje sokoni? *Gari la kukodi peke yake / gari la kuchangia na wenzake / bodaboda / mkulima alileta mwenyewe / njia nyingine.*

5. Ulipoushusha, mikungu mingapi ilikuwa imechubuka au kukatika chane kiasi cha kushusha bei? *Akisema "mingi", muulize: kati ya ile uliyoshusha, mingapi? Akishindwa, andika "hakumbuki".*

6. Usiku wa kwanza, ndizi ambazo hazijauzwa zililala wapi? *Ziliisha siku hiyo hiyo (nenda swali la 10) / kibandani chini ya turubai / stoo ya kulipia / nyumbani.*

7. Usiku huo ulilipa shilingi ngapi kwa stoo au mlinzi? *Kama hakulipa, andika 0.*

8. Mikungu mingapi iliiva kupita kiasi au kuoza kabla ya kupata mteja? *Ile ya swali la 5 isihesabiwe tena hapa.*

9. Hiyo ya swali la 8 uliipeleka wapi? *Niliiuza bei ya kutupa / wapika mbege / mifugo / jalalani. Kama hakuna iliyoharibika, ruka.*

Hela

10. Mzigo huo uliupata kwa hela gani? *Yangu / ya vikoba / mali kauli / kausha damu / sipendi kusema.* *(Hapa usimtolee macho. Tunauliza kwa sababu mwenye deni la kila siku hawezi kulaza mzigo hata stoo ikiwepo.)*

11. Kwenye mzigo huo, ni kitu gani kimoja kilikula hela yako kuliko vyote? *Andika maneno yake mwenyewe, hata kama ni Kichaga.*

Kwa mtakaouliza

Swali la "ungependa tuwe na stoo?" sikuliweka makusudi. Kila mtu atasema ndiyo, halafu ikifika siku ya kuchangia humwoni. Msiliongeze.

Anzeni mwisho mmoja wa safu za ndizi, muulize kila muuzaji wa tatu hadi mwisho wa pili. Msianze na marafiki zenu, na msiende wakati magari yanashusha mzigo. Kama mtu wa tatu amekataa, andika "amekataa" na uende kwa anayemfuata. Tunahitaji kujua waliokataa ni wangapi.

Namba za simu msichukue. Hatuna kazi nazo, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kukusanya taarifa za mtu bila sababu ni kujitafutia kesi.

Jaribuni kwanza kwa watu watano. Swali la 5 na la 8 ndiyo yatakayowachanganya; wakijibu hasara ileile mara mbili, simamisheni kazi mnipigie nirekebishe. Karatasi za hao watano msizichanganye na zile zitakazofuata.