Barua kwa Mama Rehema kuhusu nyumba yake iliyo wazi

YAH: KUKUTAFUTIA MPANGAJI WA NYUMBA YAKO YA VYUMBA VITATU

Shikamoo Mama Rehema,

Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na watoto. Mimi ni Hamisi, dalali wa nyumba za kupanga. Hatujawahi kuonana. Jina lako nimepewa na jirani yako wa mkono wa kushoto, ambaye wiki tatu zilizopita nilimletea mpangaji wa ile nyumba yake ya nyuma. Nilimwomba anipe namba yako ya simu, akakataa. Akasema niandike barua, ataifikisha yeye mwenyewe. Nikaona amefanya vizuri, maana na wewe utapata nafasi ya kunisoma kwa utulivu kabla ya kuamua kama unataka kusikia sauti yangu.

Nyumba yako niliiona siku ile ile. Bango la "Nyumba hii inapangishwa" bado linaning'inia getini, lakini jua limekula wino wa namba ya simu, tarakimu mbili za mwisho hazisomeki kabisa. Kwa hiyo hata mpita njia aliyeipenda nyumba hana pa kupiga. Jirani ananiambia ni mwezi wa pili sasa tangu mpangaji wa mwisho atoke. Najua watu husema chema chajiuza. Nyumba yako ni njema, hilo halina ubishi: dari imenyooka, madirisha makubwa, mita yake ya umeme iko peke yake, tangi la maji liko juu ya mnara wake. Ila nyumba, hata iwe njema vipi, haiwezi kumpigia mtu simu.

Niseme wazi ninachotaka, nisikuzungushe. Naomba unipe siku 45 za kukutafutia mpangaji, na katika siku hizo kazi hiyo niifanye mimi peke yangu. Ukimpata mtu mwenyewe, ndugu au rafiki wa familia, mpangishe, hunidai wala sikudai. Ninachoomba ni nyumba isiwe mikononi mwa madalali wanne kwa wakati mmoja. Nimeshaona inavyokuwa: kila mmoja anaitangaza kwa kodi yake, huyu anaongeza, yule anapunguza, na mtafutaji anayeiona nyumba moja kwa bei nne anajiuliza ina kasoro gani. Anapita.

Malipo yangu ni kodi ya mwezi mmoja, mara moja tu, na nalipwa baada ya mpangaji kusaini mkataba na kodi yake kukufikia wewe. Kabla ya hapo hunilipi hata nauli. Mteja anayekuja kuangalia nyumba simtozi chochote. Jirani amenieleza yaliyokupata mwaka jana kwa dalali aliyekuwa akiwatoza watu hela ya kuona nyumba, mpaka ukawa unapigiwa simu za lawama na watu usiowajua. Pole sana, Mama. Mambo kama hayo yanatuchafua wote tunaoishi kwa kazi hii, na sikulaumu kama tangu siku hiyo hutaki kusikia neno dalali. Kwa sababu hiyo nimeambatanisha mkataba wangu wa ukurasa mmoja. Usome, mpe na mtoto wako ausome, na kipengele usichokipenda kifute kwa kalamu kabla ya kusaini.

Sasa kuhusu kodi. Kiasi kilichoandikwa kwenye bango kimezidi kidogo kile ambacho nyumba za aina yake zinapata hapo mtaani, kama sehemu moja ya kumi hivi. Si kosa, kila mwenye nyumba ana haki ya kupanga bei ya mali yake. Lakini naomba tufanye hesabu pamoja. Tuseme kodi ya kawaida ni 100 kwa mwezi na wewe unataka 110. Nyumba ikipangwa leo kwa 100, mwaka mzima unapata 1,200. Ukisubiri mwezi mmoja zaidi ili umpate wa 110, unapata miezi 11 ya 110, yaani 1,210. Umesubiri mwezi mzima kwa faida ya 10. Ukisubiri miezi miwili, unapata 1,100, na hapo umeshapoteza 100. Nyongeza inaliwa na miezi ambayo nyumba imekaa bure. Kwa maoni yangu tuanze na kiasi chako kwa siku 14 za mwanzo. Watu wakija, wakaangalia na kuondoka bila kurudi, nitakuletea majibu yao kama walivyoyasema, halafu wewe ndiye utakayeamua kushusha au kutoshusha. Kodi sitaibadilisha kwa hiari yangu, wala sitaongeza cha juu nikiweke mfukoni.

Kuna jambo jingine dogo ambalo huenda linafukuza watu bila wewe kujua. Jirani anazo funguo, akaniruhusu niingie naye dakika chache. Tulipofungua mlango wa bafu la ndani, tulipokewa na harufu ya maji machafu, naye akasema moja kwa moja kwamba bomba la choo limepasuka. Halijapasuka. Chini ya kila sinki na kila tundu la bafuni kuna kona ya bomba inayobaki na maji, na maji hayo ndiyo yanayozuia harufu isipande. Nyumba ikikaa wiki nyingi bila mtu, maji yale hukauka, harufu inapanda, na mende wanapata njia. Nilimwaga ndoo moja ya maji kwenye kila tundu, tukafungua madirisha, na kabla hatujafunga geti harufu ilikuwa imekwisha. Lakini fikiria mteja aliyeingia juzi akakutana na hali ile. Hatakupigia simu kukuuliza kuhusu kona ya bomba. Ataondoka akiamini nyumba ina mfumo mbovu. Ukinikubalia, maji nitayamwaga kila wiki mpaka mpangaji aingie.

Kazi yenyewe nitaanza kwa picha. Nitazipiga asubuhi, mapazia yakiwa wazi, kila chumba kutoka kwenye kona yake ili ukubwa uonekane ulivyo. Kwenye tangazo nitaandika na lile ambalo si zuri: chumba cha tatu ni kidogo, na maegesho yanatosha gari moja. Madalali wengi huficha, mimi naona ni kupoteza muda. Mtu mwenye magari mawili akija atageuza tu getini, na kumleta kwenye nyumba isiyomfaa ni kumsumbua yeye, jirani mwenye funguo, na wewe. Wateja nitawaleta mmoja mmoja kwa ahadi, na kila mara ninapochukua funguo nitasaini kwenye daftari la jirani, siku na saa.

Kumleta mtu ni rahisi, Mama. Kumjua ndiyo kazi, na hapa sipendi haraka. Kila anayeitaka nyumba nitamwomba kitambulisho, uthibitisho wa kipato, na simu za wenye nyumba wawili aliowahi kukaa kwao. Wawili, kwa sababu yule anayekaa kwake sasa anaweza kumsifia ili amwondoe upesi. Yule wa kabla yake hana cha kupata wala kupoteza, ndiye anayesema kweli. Nitamuuliza mambo matatu: alilipa kwa wakati, aliiachaje nyumba, na je, angempangisha tena? Swali la tatu ndilo ninalolisikiliza zaidi. Mtu akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, nami natafuta mwingine. Naangalia pia kodi isizidi kama theluthi ya kipato cha familia, maana anayejibana sana kuingia ndiye anayeanza kukukwepa mwezi wa nne. Simkatai mtu kwa kabila, kwa dini, wala kwa kuwa ana watoto wadogo, na naomba tukubaliane hilo tangu mwanzo.

Nitakuletea majina mawili au matatu pamoja na niliyoyasikia juu yao, mabaya na mazuri. Kuchagua ni kwako. Ukitaka kuzungumza nao mwenyewe kabla ya kusema ndiyo, nitapanga siku.

Mpangaji akikubaliwa, kodi na amana zinakuja kwako moja kwa moja. Mimi sishiki hela ya mwenye nyumba, hata kwa usiku mmoja. Siku ya kukabidhi funguo nitapita na mpangaji chumba kwa chumba na hati ya makabidhiano: kitasa kipi kinafanya kazi, kioo kipi kina ufa, mita ya umeme inasoma ngapi, ya maji ngapi. Kila ukuta tunaupiga picha, kila ukurasa tunausaini, nakala moja kwako na moja kwake. Ugomvi mwingi wa amana niliowahi kusuluhisha ulikuwa juu ya doa ambalo hakuna aliyekumbuka lilikuwapo tangu lini. Kwenye hati ile doa lina tarehe.

Na ikitokea mpangaji niliyemleta akahama au akashindwa kulipa ndani ya siku 90 za kwanza, nitakutafutia mwingine bila malipo. Siwezi kukuahidi kwamba haitatokea, watu hupoteza kazi, watu huhamishwa. Ninaloweza kukuahidi ni kwamba hutaachwa ukihangaika peke yako na nyumba tupu kwa mara ya pili.

Jumamosi hii saa nne asubuhi nitakuwa kwa jirani yako, namkabidhi mpangaji wake hati zake. Ukipenda, fika, au mtume mtoto, tuizunguke nyumba pamoja uone ninayoyasema. Kama hujafurahishwa, niambie hapana kupitia jirani, sitarudi kukusumbua. Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha, pamoja na namba za wenye nyumba wawili ninaowafanyia kazi, ambao wamekubali uwapigie uwaulize habari zangu. Tafadhali wapigie kabla ya kunipigia mimi.

Lile bango nimeliacha kama lilivyo, kwa kuwa ni mali yako na sina ruhusa ya kuligusa. Lakini hata usiponipa kazi hii, Mama, mwambie mtu akaipitie ile namba kwa wino mpya.

Wako mtiifu,

Hamisi
Dalali wa nyumba za kupanga

Kiambatanisho: mkataba wa siku 45, ukurasa 1.