Yah: Kuomba kiasi cha mbolea kwa shamba lenye kona na mkia

S.L.P. Mlowo,
Mbozi, Songwe.
20 Oktoba 2025

Kwa Katibu,
Chama chetu cha Ushirika wa Msingi.

Ndugu Katibu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Daftari la chama linasema shamba langu la mahindi ni ekari 2. Aliyeandika alikadiria kwa macho, nami nikanyamaza. Msimu uliopita nilichukua mifuko miwili ya DAP, na kule mkiani ambako mistari ni mifupi nikawa namwaga tu ili iishe. Miche ikaungua ncha za majani, mingine ikafa.

Safari hii nimepima kwa kamba, nikiwa na kijana wangu. Upande wa barabara ni mita 84. Ukishuka mita 70 shamba linabana na kubaki mita 52, hivyo kipande hicho ni mita za mraba 4,760. Kuanzia hapo linachongoka mita 60 hadi kwenye mti wa mwembe: 1,560. Upande wa kijito umepinda, kwa sababu niliacha mita 60 za sheria nikifuata kingo zake. Kila baada ya mita 20 nilipima ule uvimbe nikapata mita 9, 14 na 8, yaani kama 620. Nikatoa mwamba wa katikati, 140. Zimebaki 6,800. Ekari ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo shamba ni ekari 1.68 hivi.

Kwa kilo 50 kila ekari, DAP ya kupandia inakuja kilo 84, na urea ya kukuzia kilo hizo hizo. Nikajaribu na njia nyingine: napanda sentimeta 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, mashimo yapata 15,100. Visoda 100 vya DAP vilivyofutwa vizuri juu vilikuja gramu 550 kwenye mizani ya duka. Kisoda kimoja kila shimo ni kilo 83. Hesabu mbili zimekutana, ndiyo maana nathubutu kuandika.

Naomba bwana shamba azipitie kabla mvua za Novemba hazijaanza, na anijibu haya. Mkiani udongo ni kichanga. Je, urea ya huko niigawe mara mbili? Ule ukingo uliopinda hutuama maji. Niuwekee sawa na kwingine au nipunguze? Na mwenye kilo 84 auziwe vipi: mfuko wa 50, wa 25, na kilo 9 zilizobaki za kupima, au nichangie mfuko na jirani?

Naomba pia daftari lirekebishwe lisomeke ekari 1.68. Sitaki kuchukua mbolea ya ruzuku ya ekari nisiyolima, wakati wenzangu hupanga foleni na mbolea ikaisha kabla hawajafikiwa.

Mchoro wenye vipimo vyote nimeuambatisha. Jumatatu na Alhamisi nipo shambani asubuhi, akija nitamshikia kamba.

Wako katika ushirika,
Mwanachama namba 214