Muhtasari wa kikao cha kusikiliza lalamiko: saa za ziada na barua ya onyo, idara ya ghala

Kikao kilianza Jumanne saa 4 asubuhi. Walikuwepo mlalamikaji, ambaye ni karani wa ghala, mwakilishi wake kutoka chama cha wafanyakazi, msimamizi wa zamu anayelalamikiwa, ofisa utumishi aliyeongoza kikao, nami mwandishi. Wote waliridhia kurekodiwa. Rekodi ni ya dakika 74. Namba zilizo kwenye mabano ni dakika za rekodi, ili mwenye shaka arudi kusikiliza. Muhtasari huu hauamui nani ana haki.

Mlalamikaji alisema (6–21) kwamba kwa miezi miwili amefanya saa 22 za ziada, nyingi zikiwa za kupokea magari yaliyochelewa kufika, na hakuna hata moja iliyolipwa. Kuhusu onyo la kutofika kazini Jumamosi, alieleza kuwa ratiba ilibadilishwa Ijumaa saa 2 usiku kwa ujumbe wa simu, na simu yake ilikuwa imezimika. "Mimi sikukataa kazi, mkuu. Sikujua kama nina kazi." Akaongeza kwamba alipokwenda kuuliza, msimamizi alimjibu mbele ya wapakiaji: "Kama umechoka, mlango uko wazi."

Msimamizi alijibu (23–41) kwamba saa za ziada hulipwa zikiwa na fomu iliyosainiwa kabla ya kazi, naye amesaini fomu za saa 9 tu. Ratiba mpya, alisema, aliibandika pia ubaoni Ijumaa kabla ya zamu ya mchana kutoka. Maneno ya mlango aliyakana: anachokumbuka ni kumwambia mlalamikaji kuwa mlango wa ofisi uko wazi akitaka kuzungumza. Nimeisikiliza sehemu hii mara tatu, na nimeyaandika maneno ya kila upande kama yalivyotamkwa, kwa sababu tofauti yake ni ndogo kwa herufi lakini ni kubwa kwa aliyeambiwa.

Mwakilishi aliuliza (44) nani husaini fomu gari likiingia usiku na msimamizi ameshaondoka. Msimamizi alikiri kwamba hakuna aliyepangiwa kazi hiyo.

Walikubaliana kwamba saa 9 zilipwe kwenye mshahara ujao bila kusubiri uamuzi. Saa 13 zilizobaki zitalinganishwa na daftari la getini, mlalamikaji na msimamizi wakiwepo. Barua ya onyo imesimamishwa, haijafutwa. Mwakilishi aliomba neno hilo lisomwe tena, na likasomwa (66).

Bado haijajulikana ratiba ilibandikwa ubaoni saa ngapi. Mpakiaji aliyetajwa na pande zote mbili kuwa alisikia maneno ya mlangoni hajahojiwa. Ofisa utumishi atamwita. Msimamizi anataka onyo libaki hadi hapo, mlalamikaji anataka lifutwe sasa. Kati ya dakika ya 58 na 59 sauti haisikiki kwa kelele za mashine, hivyo sikuandika chochote cha hapo. Kikao kitaendelea Jumanne ijayo, saa ileile.